Bluu ya Skrini, Zambarau ya Karatasi

Kuna bluu moja ambayo mafundi wa viwanda vya chapa wanaijua hata kabla faili haijafunguliwa. Ni ile bluu kali, inayowaka, ambayo mbunifu huipata kwa kuvuta alama kwenye kisanduku cha rangi mpaka pembeni kabisa. Kwenye simu inapendeza. Mteja anaikubali, kamati inaipitisha, kazi inapelekwa kiwandani. Mabango yanarudi yakiwa na rangi ya zambarau iliyopoa, na hapo ugomvi unaanza: mteja anadai fundi kabania wino, fundi anaapa kwamba faili ilikuja hivyohivyo. Mara nyingi fundi ndiye mwenye haki, ingawa si mara zote.

Tuifuate bluu hiyo moja kutoka kwenye skrini hadi kwenye karatasi. Atakayeelewa kilichoipata ataelewa pia kwa nini kijani cha kung'aa, waridi kali na chungwa linalowaka hurudi kutoka mashineni vikiwa vimenyong'onyea.

Mwanga wa kutoa na mwanga wa kuazima

Skrini ni chanzo cha mwanga. Ukiitazama kwa kioo cha kukuzia utaona vitaa vidogo sana vya aina tatu: vyekundu, vya kijani na vya bluu. Hizo ndizo herufi tatu za RGB. Kila aina hupewa namba kuanzia 0 hadi 255. Vyote vikizimika unaona weusi. Vyote vikiwaka kikamilifu unaona weupe, kwa kuwa ndani ya jicho nazo zimo chembe za aina tatu zinazopokea rangi, na ubongo huunda rangi zote tunazozijua kwa kulinganisha kile ambacho kila aina imepokea. Anayetaka bluu kamili huandika 0, 0, 255. Vitaa vyekundu na vya kijani vinazimwa, vya bluu vinawashwa hadi mwisho, na mwanga huo unafika jichoni moja kwa moja bila kuchujwa na chochote.

Karatasi haitoi mwanga. Huuazima kutoka kwa jua, dirisha au taa, kisha huurudisha. Wino unaolala juu yake hauongezi kitu. Kazi yake ni kunyang'anya. Ndiyo maana mashine ya chapa haitumii nyekundu, kijani na bluu, bali wino za aina nyingine zinazojulikana kwa herufi CMYK. Sayani, ambayo ni samawati ya kichapa, hunyang'anya mwanga mwekundu. Majenta, waridi iliyokolea, hunyang'anya wa kijani. Manjano hunyang'anya wa bluu. Ya nne ni nyeusi. Ukitaka bluu kwenye karatasi, unalaza sayani na majenta mahali pamoja: mwekundu unaondoka, wa kijani unaondoka, unabaki wa bluu.

Hayo ni ya kwenye vitabu. Wino wa dukani haufanyi kazi kwa usafi huo. Majenta, pamoja na kunyonya kijani kama ilivyotumwa, hunyonya pia sehemu kubwa ya bluu ambayo ilipaswa kuiacha ipite. Sayani nayo hula kijani kidogo na bluu kidogo. Wino hizo mbili zikilala pamoja, bluu inayosalimika ni chache na imefifia. Tofauti hiyo hupimika. Kwa kipimo cha rangi kiitwacho CIELAB, kilichotolewa mwaka 1976, bluu ya 0, 0, 255 ya skrini ya kawaida ina ukolezi wa karibu 131. Sayani na majenta zikijazwa kikamilifu kwenye karatasi ya kung'aa, kwa kiwango cha Ulaya cha FOGRA39, ukolezi hauzidi 50 hivi. Hata nusu haufiki. Hakuna fundi wala mashine ya ofseti inayoweza kuufikia kwa wino hizo nne, na kuongeza wino hakusaidii, kwani wino zaidi ni kunyang'anya mwanga zaidi.

Uchafu huohuo wa wino ndio unaoeleza kuwapo kwa ile nyeusi. Sayani, majenta na manjano zikijumlishwa zilipaswa kuzaa weusi. Zinazaa rangi ya tope. Ikabidi wino mweusi uwe na pleti yake.

Si kila bluu ina balaa hili. Bluu ya bendera ya Tanzania, kwa mfano, iko jirani na sayani yenyewe, na kwa hiyo hutoka vizuri mashineni bila kuhitaji majenta nyingi. Khanga nazo zina bluu zinazowaka kwa sababu nyingine kabisa: hazichapwi kwa wino nne zinazochanganyikia kwenye kitambaa, kila rangi ya khanga ina rangi yake iliyokorogwa na skrini yake ya kuchapia. Tutarudi kwenye njia hiyo, kwani viwanda vya karatasi navyo vinayo.

Debe ndani ya pishi

Rangi zote ambazo kifaa kinaweza kuzitoa huitwa upeo wake. Upeo wa skrini ni mpana upande wa bluu, kijani na waridi. Upeo wa wino nne ni mdogo zaidi, ingawa kwenye sayani karatasi huipita skrini ya kawaida kidogo. Kubadili kazi kutoka RGB kwenda CMYK ni kutaka debe la mchele liingie kwenye pishi. Lazima kitu kipunguzwe, na swali ni nani anaamua kipunguzwe vipi: wewe, au programu.

Kinachoiongoza programu ni faili ndogo iitwayo profaili. Profaili hueleza kwa vipimo kwamba namba fulani, kwenye kifaa fulani, huonekana kama rangi fulani. Mwaka 1993 makampuni kadhaa ya kompyuta na picha yaliunda shirika la ICC ili profaili zifuate muundo mmoja unaosomwa na programu zote. Upande wa skrini, profaili ya kawaida ni sRGB, iliyobuniwa na kampuni za HP na Microsoft katikati ya miaka ya 1990. Upande wa karatasi zipo nyingi, kwa sababu kila aina ya karatasi na uchapaji ina tabia yake. Karatasi ya kung'aa hushikilia wino juu. Karatasi ya bondi huunywa, nukta zinatanuka na rangi zinapoa. Hata kwenye karatasi nzuri ya kung'aa, nukta iliyowekwa kwenye faili kama asilimia 50 hutoka ikionekana kama asilimia 65 hivi, na profaili sahihi huwa imeshalihesabu hilo.

Hapo ndipo namba za CMYK zisizo na profaili zinapokosa maana. Ziko kurasa za mtandaoni zinazobadili rangi kwa hesabu ya darasani tu: unatoa namba ya RGB kwenye 255, unageuza asilimia. Ukizipa 0, 0, 255 zinakujibu sayani 100 na majenta 100. Jibu hilo halijui wino wala karatasi, nalo ndilo njia ya mkato ya kuifikia zambarau.

Hata programu nzuri haitoki salama. Photoshop, ikiwa imeachwa na mpangilio wake wa Marekani, profaili iitwayo U.S. Web Coated (SWOP) v2, huibadili bluu yetu kuwa sayani 88 na majenta 77. Zitazame namba hizo mbili: zimeachana kwa pointi 11 tu. Mafundi wana kanuni yao ya zamani kwamba bluu ikitakiwa ibaki bluu, majenta iwe nyuma ya sayani kwa pointi 30 au zaidi. Zikikaribiana kuliko hapo, jicho linaona zambarau.

Kwa nini programu inayopima kila kitu ikosee hivyo? Kasoro iko kwenye kipimo chenyewe. CIELAB kina kona mbovu upande wa bluu. Ukipunguza ukolezi wa bluu kwenye kipimo hicho huku ukiamini kwamba rangi yenyewe hujaigusa, jicho la binadamu linaona imehamia kwenye zambarau. Programu inafanya hesabu sahihi kwa rula iliyopinda. Mimi nadhani hili ndilo jambo ambalo wabunifu wengi hawaambiwi: sehemu ya zambarau hiyo haitokani na wino hata kidogo, na hiyo ndiyo sehemu unayoweza kuiokoa kwa mkono.

Bango la ngalawa

Tuchukue kazi moja tuifanye hadi mwisho. Tuseme kijiji cha pwani kinataka mabango 1,000 ya mashindano ya ngalawa, ukubwa wa A3, karatasi ya kung'aa ya gramu 150, kwa mashine ya ofseti. Mbunifu ametengeneza kazi kwenye RGB. Mandhari yote ni bluu ya 0, 0, 255. Katikati kuna picha ya ngalawa wakati wa machweo. Chini kuna mkanda wa manjano wenye ratiba kwa maandishi madogo meusi, na juu jina la mashindano limeandikwa kwa herufi nene nyeusi zenye kivuli.

Kabla ya kugusa rangi, kuna simu moja ya kupiga. Muulize fundi: mtachapa kwa profaili ipi, na jumla ya wino isizidi asilimia ngapi? Kiwanda kinachojiheshimu kitajibu. Kikikosa jibu, kwa karatasi ya kung'aa tumia Coated FOGRA39 au ile mpya zaidi, PSO Coated v3, na kwa bondi tumia PSO Uncoated v3. Ile ya SWOP iliyokuja na programu ilitengenezwa kwa ajili ya magazeti ya rangi ya Marekani yanayochapwa kwenye mashine za marobota, na bango la kijiji halihusiani nayo.

Kisha hifadhi kazi ya RGB kama ilivyo na ufanyie kazi nakala. Hili si suala la uangalifu wa kawaida tu. Rangi zilizobanwa kuingia CMYK hazirudi. Ukigeuza tena kwenda RGB unapata zambarau ileile, sasa ikiwa na namba za RGB. Na siku kijiji kitakapotaka picha hiyohiyo kwa ajili ya simu, au kwa mashine nyingine, ni ile ya kwanza itakayokufaa.

Sasa weka skrini iige karatasi. Kwenye Photoshop unafungua View, Proof Setup, Custom, unachagua profaili uliyopewa, kisha Ctrl+Y inakuwezesha kuwasha na kuzima muonekano huo. Krita na GIMP nazo zina prufu ya skrini ya namna hii, bila malipo. Bluu itaanguka mbele ya macho yako, na ni afadhali ianguke hapo kuliko kiwandani. Ukibonyeza Shift+Ctrl+Y, sehemu zote ambazo ziko nje ya upeo wa karatasi zitafunikwa na kijivu. Kwenye bango letu mandhari yote yatafunikwa, na pengine vipande vya chungwa kwenye machweo.

Prufu ya skrini hudanganya pale ambapo skrini yenyewe inawaka kupita kiasi. Mwangaza wa kiwandani wa skrini nyingi ni mkali mno kwa kazi hii. Watu wa fani huushusha hadi kandela 80 au 120 kwa mita mraba. Asiye na kifaa cha kupimia aweke karatasi nyeupe karibu na skrini, chini ya mwanga wa dirisha usio wa jua kali, na ashushe mwangaza mpaka ukurasa mtupu wa skrini ufanane na karatasi hiyo. Taa nazo zina neno: chini ya balbu ya manjano bango hilohilo litaonekana rangi nyingine, na ndiyo sababu viwanda makini hukagua kazi chini ya taa za Kelvini 5,000.

Picha ya machweo irekebishwe ikiwa bado RGB, prufu ikiwa imewashwa. Punguza kidogo ukolezi wa yale machungwa mpaka kijivu cha onyo kipungue. Si lazima kiishe chote. Kinachotafutwa ni kwamba mistari ya mawingu isije ikayeyuka na kuwa doa moja la rangi. Picha ikikaa sawa, ibadilishe kwa Edit, Convert to Profile. Usikosee ukachagua Assign Profile iliyo juu yake. Convert hubadili namba ili rangi ibaki ile inayoonekana. Assign huacha namba na kubadili maana yake, na picha inaweza kugeuka sura papo hapo. Assign ina kazi moja tu hapa: picha iliyokuja bila profaili yoyote, ambayo mara nyingi ukiipa sRGB utakuwa umepatia.

Dirisha hilo litakuuliza debe lipunguzwe kwa njia ipi. Perceptual hubana rangi zote kwa pamoja, hata zile zilizokuwa na nafasi, ili uhusiano wao usivunjike. Relative Colorimetric huacha zilizo ndani ya upeo kama zilivyo na kuzikata zile za nje tu. Kwa picha yenye rangi nyingi za nje ya upeo, kama machweo, jaribu ya kwanza; kwa picha za watu, ambazo rangi ya ngozi karibu zote zimo ndani, ya pili ndiyo salama, pamoja na alama kwenye kisanduku cha Black Point Compensation ili vivuli visizame. Mbili zilizobaki hapo sioni sababu ya kuzigusa kwa kazi hii.

Picha ndiyo ya kuachia programu. Mandhari ya bluu, kwa kuwa ni rangi moja tupu, usiiachie. Iandike mwenyewe: sayani 100, majenta 70, manjano 0, nyeusi 0. Ukitaka iwe safi zaidi shusha majenta hadi 60. Haitakuwa ile ya simu, kwani hiyo haipo kwenye karatasi, lakini mtu yeyote atakayepita barabarani ataiita bluu. Ukitaka ionekane kali kuliko ilivyo, iweke jirani na rangi zilizotulia au nyeupe; jicho hupima rangi kwa kuilinganisha na jirani yake, na mkanda wa manjano chini ya bango utaisukuma bluu mbele zaidi kuliko pointi tano za majenta.

Yanabaki maandishi meusi, na hapa ndipo kazi nyingi zilizopona kwenye rangi huumia. Weusi wa RGB, yaani 0, 0, 0, ukipita kwenye profaili ya SWOP hutoka ukiwa sayani 75, majenta 68, manjano 67 na nyeusi 90. Ratiba yote, herufi ndogo za saa na majina ya nahodha, sasa inachapwa kwa pleti nne. Pleti moja ikisogea sehemu ya kumi ya milimita tu, herufi zinapata ukungu wa waridi au samawati pembeni, na ratiba inachosha kusoma. Utaijua dosari hii ukiangalia kwa kioo cha kukuzia: herufi iliyochapwa kwa wino mweusi peke yake ina kingo safi, ya wino nne ina pindo za rangi. Maandishi ya ratiba yaandikwe upya kuwa 0, 0, 0, 100, na kwenye mkanda wa manjano yachapwe juu ya manjano bila kutobolewa, ili pleti zikisogea pasionekane ufa mweupe.

Jina nene la juu lina shida iliyo kinyume. Nyeusi peke yake kwenye eneo kubwa huonekana kijivu kizito, hasa ikiwa kando ya picha. Hapo mafundi huongeza wino nyingine chini yake. Mchanganyiko unaotumika sana ni 60, 40, 40, 100. Ukiujumlisha unapata asilimia 240, ambayo karatasi yetu inaistahimili. Weusi ule wa programu jumla yake ni 300, na kuna watu huandika 100 kwenye pleti zote nne wakidhani wanapata weusi wa usiku. Hiyo ni 400. Kwa karatasi ya kung'aa, mipaka ya kawaida ni kati ya 300 na 330. Kwa karatasi ya gazeti hushuka hadi 240 hivi. Ukipita mpaka, wino haukauki. Mabango yanapolundikwa, rangi ya lile la chini inahamia mgongoni mwa la juu, na fundi analazimika kunyunyiza unga zaidi, kusubiri siku nyingine, au kutupa.

Kukagua jumla ya wino hakuhitaji kubahatisha. Kwenye Acrobat Pro fungua Output Preview: ukizima pleti moja moja utaona kila kilichomo juu yake. Zima nyeusi; ratiba ikiendelea kuonekana, bado ni ya wino nne. Dirisha hilohilo lina Total Area Coverage ya kuonyesha palipopita kiwango unachokiandika. Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa, ina ukaguzi unaofanana na huo kwenye Print Preview yake, na inatoa PDF za CMYK vizuri. Naitaja kwa makusudi, kwa kuwa wengi huchora kwa Inkscape, ambayo rangi zake kimsingi ni za RGB. Mchoro huo uuingize Scribus na uzipe rangi namba zake za CMYK hapo.

Mwisho toa faili kama PDF/X-1a au PDF/X-4, ile ambayo fundi ameitaja. Baada ya hapo asiigeuze mtu yeyote tena. Faili ya CMYK ikibadilishwa kwenda profaili nyingine ya CMYK, nyeusi ya ratiba iliyokuwa kwenye pleti moja hutawanywa upya kwenye zote nne, na kazi yote ya mikono inafutika bila onyo. Ikiwa kiwanda kimebadilika au karatasi imekuwa bondi, rudi kwenye ile nakala ya RGB uanze tena.

Pasipohitaji haya yote

Si kila mashine inataka CMYK. Maduka mengi ya chapa ya mijini hayana ofseti. Yana mashine za tona kwa kadi na vipeperushi, na mashine kubwa za kupuliza wino kwa mabango ya turubai. Nyingi za hizo za kupuliza zina wino za ziada na upeo mpana kuliko ofseti, na programu inayoziongoza hubadili rangi yenyewe ikijua wino ilizonazo. Ukiipelekea bluu iliyokwisha kubanwa kwa ajili ya ofseti, umeinyima nafasi iliyokuwa nayo. Kwa mashine hizo, RGB yenye profaili ya sRGB ndani yake mara nyingi hutoka vizuri zaidi. Tena ni swali la simu ileile moja.

Ipo pia njia ya khanga. Kampuni ambayo bluu yake ndiyo sura yake inaweza kuagiza wino wa tano, uliokorogwa kiwandani kwa namba ya kitabu cha Pantone, na kuchapwa kwa pleti yake. Bluu hiyo haitegemei majenta kuikubali sayani, kwa hiyo inawaka. Gharama yake ni pleti ya ziada na, kwa mashine ya rangi nne, karatasi kupita mara ya pili. Kwa mabango 1,000 ya kijiji sioni faida yake. Kwa kasha la bidhaa litakalochapwa miaka kumi, naiona.

Kwa anayesimamia kazi bila kuwa mbunifu, dai vitu viwili kabla hujalipa: faili ya RGB ya asili ibaki mikononi mwako, na prufu ya karatasi itolewe kwa profaili ya mashine itakayotumika. Prufu iliyotolewa kwenye printa ya ofisini haikuambii kitu kuhusu bluu. Itazame ile ya kiwandani mchana, karibu na dirisha, na kama rangi haikuridhishi sema palepale. Pleti zikishatolewa, kila badiliko la rangi ni pleti mpya, na malipo yake huandikwa kwa jina la mteja.